Niamey haikupinduliwa na jeshi, ilifungiwa lango

Machi 26, 2025, Jenerali Abdourahamane Tchiani aliapishwa mjini Niamey kuwa rais wa mpito wa Niger kwa miaka mitano. Siku 17 baadaye wananchi wa Gabon walipiga kura, na Jenerali Brice Oligui Nguema akatangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 90. Miaka miwili tu nyuma, kabla ya kuwapindua marais wao, wote wawili walikuwa na kazi moja: kuhakikisha rais analala salama. Kwenye vijiwe vya kahawa hapa Arusha habari hizi zimepokewa kwa methali moja, kikulacho ki nguoni mwako, na mjadala ukaishia hapo. Mimi naona methali hiyo inatupoteza. Inatufanya tutafute msaliti, mtu aliyejificha kwenye pindo la nguo akisubiri siku yake. Tchiani hakuwa amejificha. Alikuwa ofisa anayejulikana na nchi nzima, kwenye cheo alichopewa kwa hati iliyosainiwa, katika kambi iliyo ubavuni mwa Ikulu. Hoja yangu ni kwamba walinzi wa Ikulu hawapati nguvu kwa kuwa na roho mbaya kuliko askari wengine, wala kwa kuwa na bunduki nyingi. Wanaipata siku mtawala anapoliogopa jeshi lake, akajitengenezea jeshi dogo la pembeni na kulikabidhi mlango. Na wanaitumia, mara nyingi mno, siku mtawala huyo au aliyemrithi anapotaka kumbadilisha kamanda.

Wakati wa mkutano mmoja wa wakuu wa nchi za Afrika Mashariki barabara zilifungwa, vifodi vikasimama, nasi tukajipanga nyuma ya kamba tukitazama msafara ukiingia. Gari moja jeusi lilisimama. Kwa sekunde kadhaa hakuna aliyetoka. Wanaume wanne walitazama kulia, kushoto na juu ya mapaa, kisha mmoja akashika kitasa na kuufungua mlango kutoka nje. Mzee mmoja dereva wa teksi, aliyekuwa pembeni yangu, akasema, "Umeona, kijana wangu? Mwenyewe haufungui." Nikamwambia hiyo ni heshima tu, mzee wangu. "Ni heshima," akasema, "mpaka siku wasipoufungua."

Aliyelielewa jambo hili mapema kuliko wengi alikuwa Kaisari Augusto. Wasomaji wa Biblia wanalijua neno Praitorio. Kwa asili lilihusu makao ya jemadari, na walinzi wa jemadari walichukua jina lao hapo. Augusto aliwageuza kuwa kikosi cha kudumu cha mtawala, vikundi tisa, huku akichukua tahadhari ambazo ukizisoma leo unaona zimetoka kwa mtu mwenye wasiwasi wa haki. Vikundi vitatu tu ndivyo vilivyokaa Rumi, tena bila kambi moja. Askari waligawanywa majumbani. Vingine viliwekwa katika miji ya jirani. Kwa muda mrefu hakuweka kamanda mmoja juu yao wote, na alipoamua kuweka, mwaka wa 2 kabla ya Kristo, aliweka wawili kwa wakati mmoja, tena si masenata bali watu wa tabaka la chini yao, ambao kwa desturi za siku zile wasingeweza kuota kiti cha ukaisari. Askari wenyewe walilipwa karibu mara tatu ya askari wa kawaida na walitumikia miaka michache kuliko wao. Hapo ndipo wengi husimama na kusema: basi, wakilipwa vizuri watatulia. Lakini tazama kilichofuata. Chini ya Tiberio, ukamanda uliangukia kwa mtu mmoja, Sejano, naye karibu na mwaka 23 akavikusanya vikundi vyote ndani ya kambi moja yenye kuta pembeni mwa mji. Alitoa sababu ambazo ofisa yeyote angezitoa: nidhamu, wepesi wa kuitika dharura, kuwaepusha askari na starehe za mjini. Mshahara haukubadilika. Idadi haikubadilika sana. Kilichobadilika ni kwamba kwa mara ya kwanza askari wale wangeweza kuamua jambo kwa pamoja ndani ya usiku mmoja, chini ya sauti moja, kabla ya jeshi la mipakani kupata habari.

Sejano mwenyewe aliuawa mwaka 31, lakini kambi ilibaki, na kwangu hilo ndilo fundisho kubwa kuliko kisa chake. Miaka kumi baadaye, Januari 41, Caligula aliuawa katika ujia wa jumba lake na maofisa wa kikosi kilekile. Aliyeongoza, Kasio Kaerea, alikuwa na chuki ya muda mrefu: kila alipokwenda kuchukua neno la siri la zamu, Caligula alimpa maneno ya aibu ili wenzake wamcheke akiyatamka. Baraza la Senati likakutana kujadili kama Rumi irudi kuwa jamhuri bila kaisari. Wakati wazee wale wanajadiliana, askari mmoja akamkuta Klaudio, ami wa Caligula, amejificha nyuma ya pazia. Wakambeba hadi kambini. Klaudio akaahidi kila askari sesterti 15,000, karibu mshahara wa miaka mitano, na mjadala wa jamhuri ukafa hapohapo. Wanahistoria wengi hupenda zaidi kusimulia mwaka 193, walinzi walipomuua Pertinaksi kisha wakaunadi ukaisari kambini kama ng'ombe mnadani. Kisa hicho ni kitamu, nakubali, ila kinapotosha, kwa sababu kinaonyesha tamaa ya fedha tu. Mwaka 41 unaonyesha kitu kizito zaidi: kikosi kilikuwa kimetengenezwa kwa ajili ya mtawala, mtawala hayupo, na nchi isiyo na mtawala haina kazi ya kuwapa. Walimtafuta Klaudio kwa sababu walihitaji mtu wa kumlinda.

Mtu atasema hiyo ni Rumi, na dawa inajulikana: chukua walinzi wageni, wasio na ukoo wala kabila mjini, watakaomtegemea mtawala peke yake. Makhalifa wa Bani Abbas waliijaribu dawa hiyo kwa kipimo kikubwa. Walinunua na kuajiri askari wa Kituruki, na mwaka 836 Khalifa al-Mu'tasim akahama nao Baghdad na kujenga mji mpya, Samarra, ili wasigombane na raia. Matokeo yake ni kwamba khalifa alijikuta anaishi katika mji wa walinzi wake. Mwaka 861 al-Mutawakkil aliagiza mashamba ya Wasif, mmoja wa makamanda wakubwa wa Kituruki, yatwaliwe apewe mtu mwingine wa barazani. Usiku mmoja wa Desemba, kamanda mwenzake Wasif, Bugha, akawaondoa wageni waliokuwa kwenye maongezi ya khalifa, milango ikafungwa, na al-Mutawakkil akauawa. Katika miaka tisa iliyofuata walipita makhalifa wanne. Ugeni wa walinzi uliwaondolea ndugu mjini, lakini haukuwaondolea mali ya kupoteza wala cheo cha kuhofia.

Sasa turudi Niamey. Tchiani aliwekwa kuwa kamanda wa ulinzi wa rais mwaka 2011 na Rais Mahamadou Issoufou, ambaye alikuwa na kila sababu ya kuwa na hofu: mwaka mmoja tu kabla, Februari 2010, jeshi lilikuwa limemng'oa Rais Mamadou Tandja. Kwa miaka 10 Issoufou alikilea kikosi hicho kama kinga dhidi ya jeshi, na kinga ilifanya kazi. Usiku wa kuamkia Machi 31, 2021, siku mbili kabla ya Mohamed Bazoum kuapishwa, wanajeshi walijaribu kuishambulia Ikulu, na ni walinzi wale waliowarudisha nyuma. Ukijiweka mahali pa Bazoum, unaona mtego ulivyokaa. Anaingia madarakani kwa kura, kwa makabidhiano ya kwanza ya amani kati ya marais wawili waliochaguliwa nchini mwake, na mtu aliyemwokolea kiapo ni kamanda wa mtangulizi wake. Kumwondoa siku hiyo ingeonekana ni kukosa shukrani, tena kujianika kwa jeshi. Kumwacha maana yake ni kuishi ndani ya lango ambalo si yeye aliyelijenga. Alimwacha.

Zikapita zaidi ya miaka miwili. Kufikia Julai 2023 habari zilizotoka Niamey zilisema Bazoum alikuwa tayari kumbadilisha. Asubuhi ya Julai 26 walinzi walifunga njia za kuingia Ikulu, rais akiwa ndani na mkewe na mwanawe. Inafaa kuzitazama saa zilizofuata pole pole. Mchana ule ofisi ya rais ilitoa tamko kwamba jeshi na kikosi cha taifa cha ulinzi wako tayari kuwashambulia walinzi kama hawatarejesha akili zao. Maana yake jeshi halikuwa limepindua chochote. Siku ya kwanza lilikuwa upande wa pili. Usiku kundi la maofisa likajitokeza kwenye televisheni kutangaza kwamba utawala umekwisha. Kesho yake, Julai 27, uongozi wa jeshi ukatoa tamko la kuunga mkono, ukieleza kwamba unataka kuepusha mapigano ya kuuana yatakayohatarisha pia maisha ya rais na familia yake. Julai 28 ndipo Tchiani mwenyewe akatokea kama kiongozi. Hesabu siku hizo: kutoka kufungwa kwa lango hadi nchi kuwa na mkuu mpya ni siku mbili, na kilicholishinda jeshi hakikuwa vifaru vya walinzi. Jeshi lilikuwa na vingi zaidi. Kilicholishinda ni kwamba huwezi kulishambulia jengo ambalo ndani yake yumo mtu unayetaka kumwokoa. ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, ilipotoa siku saba Julai 30 na kutishia kutumia nguvu, iligonga ukuta uleule.

Kama Niger inaonekana ina mambo mengi yaliyochanganyika, Mauritania haina. Agosti 6, 2008, asubuhi, Rais Sidi Ould Cheikh Abdallahi alitoa amri ya kumwondoa kazini Jenerali Mohamed Ould Abdel Aziz, kamanda wa kikosi cha usalama wa rais, pamoja na maofisa wengine wa juu. Ndani ya saa chache aliyekamatwa alikuwa rais. Mwaka mmoja baadaye jenerali yule alishinda uchaguzi, akakaa madarakani hadi 2019. Sijui mfano ulio safi kuliko huu. Amri ya rais ilikuwa halali na imesainiwa sawasawa, ila watu wa kuitekeleza walikuwa chini ya yule aliyekuwa anaondolewa.

Hoja za upande wa pili zipo, na baadhi zina uzito. Ya kwanza inasema haya ni mambo ya mabeberu: Ufaransa, Urusi, mafuta, urani. Sikatai kwamba nchi za nje hunufaika na wakati mwingine husukuma. Lakini hoja hiyo haielezi kwa nini aliyepindua ni mlinzi na si mkuu wa majeshi, wala kwa nini siku ile na si nyingine. Ya pili inasema wananchi walichoka, walinzi wakawa chombo tu. Hii naiheshimu zaidi, na kwa Gabon ina ukweli mwingi. Familia ya Bongo ilitawala tangu 1967. Ali Bongo alikuwa amepata kiharusi mwaka 2018. Na Agosti 30, 2023 ushindi wake ulipotangazwa usiku wa manane, Oligui Nguema aliingia mitaani akibebwa juu juu na askari huku watu wakishangilia. Lakini shangwe zilikuja baada ya lango kufungwa. Raia wa Libreville walikuwa wamechoka mwaka 2016 pia, uchaguzi uliobishaniwa ukamalizika kwa risasi, na walinzi wakabaki upande wa rais. Uchovu wa raia unaeleza kwa nini mapinduzi yanapokewa vizuri. Hauelezi nani ana uwezo wa kuyafanya.

Iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi, kwamba walinzi huasi kwa njaa, kwa hiyo serikali iwaongezee posho. Hakuna mahali ushahidi unapoiunga mkono. Walinzi wa Rumi walilipwa mara tatu ya wenzao. Kikosi cha ulinzi wa rais cha Burkina Faso, chenye askari wapatao 1,300, kilikuwa ndicho chenye silaha na marupurupu bora katika nchi nzima, na ndicho kilichompindua rais wa mpito Septemba 2015. Tena posho hiyo ina ubaya wake. Askari wa kawaida akishushwa cheo anapoteza kidogo. Mlinzi wa Ikulu akihamishiwa kituo cha mpakani anapoteza nyumba, shule ya watoto, gari na heshima ya mtaa mzima. Unavyomlipa zaidi ndivyo unavyofanya kila uhamisho uwe wa kufa na kupona.

Burkina Faso inastahili kuangaliwa zaidi, kwa sababu pale walinzi walishindwa. Septemba 14, 2015 tume ya serikali ilipendekeza kikosi kivunjwe. Septemba 16 askari wake waliingia kwenye kikao cha mawaziri wakamkamata Rais Michel Kafando na waziri mkuu, na Jenerali Gilbert Diendéré, aliyekuwa mtu wa rais wa zamani Blaise Compaoré kwa miongo mingi, akajitangaza. Mfano ni uleule wa Mauritania, ila mara hii tishio lilimhusu kila askari wa kikosi. Tofauti ilikuja siku mbili baadaye, walipomwachia Kafando. Bila rais mikononi mwao, walibaki askari 1,300 katika mji wenye hasira. Vikosi vya jeshi vikaondoka mikoani kuelekea Ouagadougou, raia wakivishangilia njiani. Septemba 23 Kafando akarudi kazini, Septemba 25 kikosi kikavunjwa kwa amri, na siku chache baadaye jeshi likaipiga mizinga kambi yake iliyokuwa jirani na Ikulu. Weka Ouagadougou na Niamey mezani pamoja, utaona mlinzi ana silaha moja tu isiyo na mpinzani, nayo ni mwili wa rais.

Ndiyo maana sipendezwi na ushauri wa kusema marais wawe waangalifu na watu wanaowateua. Issoufou alikuwa mwangalifu. Jambo la kutazama ni mpangilio. Ukitaka kujua kama kikosi cha Ikulu fulani kimeshakuwa dola ndani ya dola, usihesabu magari yao ya deraya. Uliza kama kamanda amemzidi rais umri wa kukaa Ikulu. Uliza kama yuko chini ya mkuu wa majeshi au anaripoti kwa rais peke yake. Uliza kama kuna zamu yoyote ya mlango isiyo yake. Augusto alikuwa na majibu mazuri kwa maswali haya yote, na kwa muda wake wote kikosi kilitulia. Lakini majibu hayo yana gharama: ukiugawa ulinzi na kubadilisha makamanda mara kwa mara, unapunguza kinga dhidi ya jeshi lenyewe, na rais aliyewahi kunusurika kupinduliwa hatakubali kirahisi. Septimio Severo alipofika Rumi mwaka 193, aliwaita walinzi nje ya mji wakiwa hawana silaha, akawazungushia askari wake, akawafukuza kazi wote. Alifanikiwa kwa sababu alikuja na jeshi lake na bado hakuwa amelala nyumba wanayoilinda. Kisha akajaza kambi ileile kwa watu wake, na mwaka 217 mwanawe Karakala aliuawa kwa njama ya kamanda wa walinzi.

Arusha ina sababu yake ya kulijua jambo hili. Mkataba wa amani wa Rwanda ulisainiwa hapa Agosti 4, 1993, baada ya mabishano marefu juu ya jeshi jipya: askari asilimia 60 wa serikali na 40 wa waasi, maofisa nusu kwa nusu. Jeshi lile likiunganishwa, kikosi cha ulinzi wa Rais Habyarimana kisingebaki kilivyokuwa. Aprili 6, 1994, ndege ya rais ilitunguliwa akitoka mkutanoni Dar es Salaam. Kesho yake asubuhi askari wa kikosi chake, waliokuwa na kambi Kimihurura karibu na nyumba za wanasiasa wengi, walipita nyumba hadi nyumba. Miongoni mwa waliouawa walikuwamo Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana na rais wa mahakama ya katiba, Joseph Kavaruganda, yaani watu ambao bila wao hakuna kiongozi mpya ambaye angeshika madaraka kwa utaratibu. Kamanda wa kikosi, Protais Mpiranya, alifunguliwa mashtaka na mahakama iliyokaa mjini hapa, lakini hakuwahi kuletwa kizimbani. Mei 2022 mwendesha mashtaka wa taasisi iliyorithi mahakama hiyo, yenye tawi lake Lakilaki, alitangaza kwamba mtu huyo alikuwa amefariki Harare tangu Oktoba 2006.